Swali la mwisho wa posti: uliza kitu ambacho msomaji anacho na wewe huna

*"Kamwene kaka. Nina duka la pembejeo hapa Makambako na peji ya Facebook ninayoandikia wakulima. Naambiwa kila posti nimalizie na swali ili watu wakomenti, na mi nafanya hivyo, ila napata Amina, somo zuri na madole gumba tu. Posti yangu ya juzi ya kuhifadhi mahindi nimekutumia uisome. Niulizeje ili watu wajibu kweli, bila kuonekana naombaomba komenti?"*

Kamwene sana dada. Posti nimeisoma yote na nianze nayo hiyo hiyo, maana tatizo lako liko kwenye mistari minne ya mwisho na sio kwenye somo lenyewe. Somo lako liko sawa kabisa: mahindi yakauke kabla ya kuingia kwenye mifuko ya kuzuia hewa, yasipokauka yanavunda humo ndani na sumukuvu inaingia. Hakuna wa kukubishia hapo. Sasa ona ulivyomalizia, nanukuu:

"Je, una maoni gani kuhusu hili? Komenti NDIYO kama umejifunza kitu. Tagi wakulima watatu unaowajua. Laiki peji yetu, tupigie kwa namba hii."

Hebu chukua mistari hiyo ukaibandike chini ya posti ya mtu anayeuza vitenge Mwanjelwa. Inakaa vizuri tu. Ibandike chini ya posti ya mchungaji, inakaa. Swali linaloweza kuhamia kwenye posti ya mtu mwingine bila kubadilishwa hata herufi halijauliza kitu, na msomaji analigundua hilo haraka kuliko sisi tunaoandika, ndo maana anakujibu na kitu ambacho nacho kinaweza kuhamia popote, yaani Amina. Amekulipa kwa sarafu yako mwenyewe.

Na kabla sijaenda mbali, hiyo ya NDIYO na ya kutagi watatu ina shida nyingine zaidi ya kuboa. Facebook wenyewe walitangaza Desemba 2017 kwamba wanazishusha posti za namna hiyo, yaani zinaonekana kwa watu wachache zaidi, na wakataja aina tano: ya kuomba watu wapige kura kwa emoji au komenti, ya kuomba rieksheni, ya kuomba shea, ya kuomba kutagi, na ya kuomba komenti tupu. Na peji inayofanya hivyo mara kwa mara wakasema itashushwa peji nzima, sio posti ile moja. Wewe kwenye mistari minne umegusa mbili au tatu kwa mpigo. Ila katika tangazo lile lile walisema posti ya mtu anayeomba msaada, ushauri au mapendekezo haiguswi, mfano mtu anatafuta mtoto aliyepotea, au anachangisha kwa ajili ya jambo fulani, au anauliza ushauri wa safari. Kwa hiyo alama ya kuuliza yenyewe haina kosa. Wanachotofautisha ni mtu anayetaka jibu na mtu anayetaka namba ipande, na hiyo ndo tofauti unayoiuliza wewe.

Sasa swali la kweli unalipata wapi. Watu wengi wanaandika posti nzima halafu wakifika mwisho wanakumbuka, eh, bado swali, wanachomeka lolote. Likichomekwa mwishoni hivyo haliwezi kuwa la kweli kwa sababu posti imeshasema kila kitu, msomaji hana pa kuingilia. Mimi swali naliandika kwanza, kabla ya sentensi ya kwanza ya posti, na naliandika kwa kujiuliza kitu kimoja tu: kwenye jambo hili, ni kipi wasomaji wangu wanakijua ambacho mimi sikijui?

Kwako wewe hilo ni rahisi sana, tena sijui kama unaliona. Wewe unajua mifuko. Unajua ina tabaka ngapi, kwamba ile mifuko miwili laini ya ndani kila mmoja unafungwa peke yake kwa kubana hewa itoke, kisha ule wa nje wa kusuka unafungwa juu yake, unajua kwamba ukitoboka kidogo kazi imeisha. Hayo mkulima hana, anakuja kwako kuyachukua. Ila wewe hujui mkulima wa Wanging'ombe anaamuaje kwamba leo mahindi yametosha jua, nayaingiza ndani. Hujui wa Tukuyu ambako mvua inanyesha karibu mwaka mzima anakaushia wapi. Hujui yule mama ambaye mahindi yake hayajawahi kuvunda, miaka yote, anafanya nini ambacho jirani yake hafanyi. Wao wanajua, wanafanya kila mwaka kwa mikono yao, na hakuna mtu aliyewahi kuwauliza. Hapo ndipo swali lako lilipo.

Nilivyoipanga upya posti yako ni hivi. Nimeikata nusu, somo limebaki moja tu, la ukavu, mengine ya kufunga mfuko na ya kuweka juu ya chaga utayaandika siku nyingine:

"Mahindi yakiingia kwenye mfuko wa kuzuia hewa yakiwa na unyevu, mfuko hauyakaushi. Unafungia unyevu humo humo, na miezi miwili baadaye unafungua unakuta yameshikana, yananuka. Kwa hiyo kazi kubwa ni kujua kama yamekauka kweli.

Dukani nawaambia wateja watumie chupa na chumvi. Chukua chupa ya soda ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje mpaka robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, ziba, tikisa kama dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo mahindi bado. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, lakini kwa mifuko hii yaongezee jua kidogo tena, maana inataka kama 13.

Ila naona wazee wengi hapa Makambako hawahangaiki na chupa. Wengine wanauma punje, wengine wanachota kwa viganja wanayamwaga na kusikiliza mlio, na mahindi yao hayaharibiki.

Wewe mwaka huu ulijuaje kwamba mahindi yako yamekauka ya kutosha kuyaweka ndani?"

Basi. Hakuna namba ya simu chini yake, hakuna laiki peji, hakuna hashtegi. Ntakueleza kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipokaa, maana ukielewa hii moja utaweza kutengeneza za kwako bila kuniuliza.

Angalia kwanza ule mstari wa wazee, kabla ya swali. Huo ndo unaofanya kazi kubwa kuliko swali lenyewe. Unamwambia msomaji mambo matatu kwa wakati mmoja: kwamba kuna njia zaidi ya moja, kwamba njia yake hata kama ni ya kuuma kwa jino sio ya kuchekwa, na kwamba mwandishi hajui zote. Bila huo mstari, mkulima amesoma habari ya chupa na asilimia, anaona huyu mwalimu ana kipimo, mimi na meno yangu nitasema nini hapa mbele za watu, anapita. Watu hawanyamazi kwa sababu hawana la kusema, wananyamaza kwa sababu hawana uhakika kama la kwao linastahili kuandikwa. Ukishataja jino wewe mwenyewe kwa heshima, umewafungulia.

Halafu swali linauliza kitendo, haliulizi maoni. "Una maoni gani" ni swali zito kweli kweli, ni kama umempa mtu karatasi ya insha wakati ameshika simu kwa mkono mmoja na mkono mwingine kikombe cha chai. Maoni inabidi uyatunge. Kitendo unakikumbuka tu. Na nimeandika "mwaka huu ulijuaje", sijaandika "watu wanajuaje" wala "mkulima anapaswa kujuaje", kwa sababu ukiuliza kwa ujumla unapata jibu la jumla, "yaanikwe vizuri juani", ambalo halikusaidii wewe wala mwenzake. Ukimuuliza mwaka huu, yeye, mahindi yake, anakwambia "mi niliyaanika siku tano kwenye turubai, jioni nayafunika, siku ya sita nikauma ikalia ka!" Hiyo ni komenti. Ina siku, ina turubai, ina mlio.

Ni swali moja pia. Nimeona peji nyingi zinamalizia na maswali matatu mfululizo, unajuaje yamekauka, unatumia mifuko gani, na umepata changamoto gani, na mwandishi anadhani ametoa nafasi zaidi, kumbe msomaji anasimama kuchagua ajibu lipi na akisimama hivyo tu ameshaondoka. Au anajibu lile jepesi kuliko yote, na lile ulilolitaka linabaki bila mtu. Ukiwa na maswali matatu mazuri una posti tatu.

Na liwe la mwisho kweli. Sehemu ya kuandikia komenti iko chini ya posti, kwa hiyo sentensi ambayo macho yanaiacha kabla ya kufika pale ndiyo inayojibiwa. Kwenye posti yako macho yaliacha namba ya simu. Sasa namba iweke kwenye maelezo ya peji, au uandike komenti yako ya kwanza "duka liko hapa, namba hii", inatosha. Kuna jambo moja la kujua, posti ndefu Facebook inaikata na kuweka ile "ona zaidi", kwa hiyo swali lako halionekani na anayepita tu, linaonekana na aliyefungua. Wengi wanaogopa hilo wanahamishia swali juu. Mi nasema liache chini, anayefika pale ameshasoma habari ya chupa na ya wazee, ndo mtu unayemtaka ajibu. Kazi ya kumfanya afungue ni ya mstari wa kwanza, ndo maana nimeanza na mfuko hauyakaushi, kitu ambacho mtu aliyetoa hela yake kununua mfuko atataka kujua kinamaanisha nini.

Kuna maswali yanayofanana na ya kweli lakini sio, na hayo ndo yananisumbua zaidi kwa sababu hata mwandishi mwenyewe anajidanganya. Moja ni swali la mtihani. "Nani anajua ni mdudu gani huyu anayetoboa mahindi na kuacha unga?" Unalijua jibu, wao wanajua unalijua, wa kwanza akiandika dumuzi mchezo umeisha, wa pili atakuja kufanya nini, na aliyejibu fukusi kwa makosa ameaibika mbele ya shemeji zake. Lingine ni la kuficha makusudi, "kuna njia moja ya uhakika ya kukausha, komenti NATAKA nikutumie inboksi". Hiyo ni ndoano dada, hata kama njia ipo kweli. Pengo kwenye posti liwe pale ambapo elimu yako imeishia, lisiwe pale ulipoamua kunyamaza ili wakufuate. Watu wa huku kwetu wanajua kabisa mtu anayewazungusha.

Na lile la kuchagua, "jino au chupa?" Hapo niseme vizuri kidogo maana sio baya moja kwa moja. Ukiandika "jino weka laiki, chupa weka kopa", hiyo ni ile ile kura iliyotajwa na Facebook, na wewe hujapata kitu, umepata hesabu ya madole. Ila ukiuliza "jino au chupa, na ni lini jino lilikudanganya?" hapo umeuliza. Nusu ya kwanza inamrahisishia kuanza kuandika, nusu ya pili inamtoa na jambo. Tumia ukiona watu wako ni wazito kuanza, usiifanye kila siku.

Sasa hili ntakalosema sioni likisemwa na wale wanaofundisha mambo ya mitandao, nadhani kwa sababu wanafundisha vitu vya mijini huko. Kuna maswali ya kweli kabisa, unahitaji jibu kweli, na bado hakuna atakayejibu, na wala sio kwamba hawakupendi. Ni kwamba jibu lenyewe ni hatari kulisema hadharani. Ukiuliza "mwaka huu umevuna gunia ngapi?" unamwambia mtu atangaze kwa wezi, kwa anayemdai, kwa ndugu wa mume waliokuwa wanatafuta sababu ya kuja na gunia tupu. Ukiuliza "ulipoteza kiasi gani?" unamtaka akiri mbele ya kijiji kwamba alizembea. Vivyo hivyo na "unauza kwa bei gani huko kwako" wakati madalali wote wamo kwenye peji. Watu wanasoma, wanajua jibu, wanafunga simu. Kabla hujaposti jiulize, huyu mtu akiandika jina lake pale na jibu hili, nani mwingine analisoma? Halafu ligeuze. Badala ya gunia ngapi, uliza "kwenu mnaweka kwenye kihenge, darini au kwenye mifuko ndani ya nyumba?" Badala ya ulipoteza kiasi gani, uliza "ukiona dalili gani unajua dumuzi ameshaingia?" Ujuzi ni ule ule, ila huyu wa sasa anaongea kama fundi, sio kama aliyeibiwa.

Msimu nao. Huku kwetu nyanda za juu mvua ni moja, inaanza Novemba hivi inaenda mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo swali la kukausha mahindi lina miezi yake, Juni mpaka Agosti, na kwenye baridi kali Njombe na Makete huko wanachelewa zaidi. Ukiuliza la ukavu Januari, wakati mtu yuko shambani anahangaika na mbolea ya kukuzia, atakujibu nini, amesahau. Usipime ubaya wa swali kwa posti uliyoitupa mwezi usio wake.

Haya, umeposti, jibu la kwanza limeingia. Hapa ndipo peji nyingi zinaua kile zilichokipanda. Mama mmoja kaandika, "Sisi tunauma kwa jino, ikivunjika kwa sauti imekauka." Peji inajibu: "Asante sana kwa maoni yako", na mikono miwili ya kuomba. Imekwisha hiyo. Umemfungia mlango kwa adabu. Wengine wakisoma wanaona kumbe huyu alikuwa anakusanya tu. Jibu kitu kilichotoka ndani ya maneno yake: "Mama, hiyo punje unaokota ya juu ya turubai au unachimbua ya chini? Nauliza maana ya juu huwa inatangulia kukauka." Hapo atajibu tena, na hakika atakuja mwingine aseme sisi tunachanganya kwanza, na wakianza kujibizana wenyewe kwa wenyewe wewe kaa pembeni, usikimbilie kujibu kila mstari. Saa chache za mwanzo uwe karibu na simu. Kama siku hiyo unakwenda kwenye msiba au unafunga hesabu za duka, usiposti swali siku hiyo, posti tangazo.

Jiandae pia kwamba ukifungua mlango yataingia majibu mabaya. Kwenye peji ya kilimo ninayoisaidia hapa Mbeya tuliuliza habari ya kuhifadhi maharage, mtu akaandika kwa kujiamini kabisa kwamba yeye anapulizia dawa ile ya nyanya, na akapata madole gumba ya kutosha. Hiyo huiachi hata nusu saa, maana chakula hicho kinaliwa, na huifuti pia, ukiifuta wenye tabia hiyo hawatajua. Unajibu pale pale chini yake, kwa heshima, bila kumfanya mjinga: "Kaka, hiyo ya nyanya imetengenezwa kwa ajili ya majani shambani, kwenye nafaka inabaki na mnaila. Kuna dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, ina kipimo chake kwa gunia kimeandikwa kwenye pakiti, na ina siku za kusubiri kabla ya kula." Kama somo lako ni la vitu vya namna hii, dawa, chakula, ugonjwa wa mifugo, na huna muda wa kukaa na komenti, heri usiulize swali kabisa.

Utajuaje swali limefanya kazi? Usihesabu komenti. Zisome, na kila moja itafutie kitu ndani: mahali, siku, kipimo, namna ya kufanya, au jambo lililomtokea mtu. "Somo zuri" haina kitu, sio mbaya, ni salamu, ipokee. "Bei ya mfuko?" ni mteja, mjibu bei pale pale hadharani, wala usimwambie njoo inboksi, kwani bei ni siri? Ila zile zenye kitu, hata zikiwa tatu tu, zinashinda Amina sitini. Kipimo changu kikubwa ni hiki, je naweza kuandika posti inayofuata kutokana na walichosema? Tuseme kwenye hii ya mahindi mtu wa Tukuyu anakwambia, "Dada huku jua lenyewe liko wapi, sisi tunaweka darini juu ya jiko, moshi unayakausha." Ukisoma hivyo umeshapata somo ambalo hukulijua lipo: mahindi ya juu ya jiko. Sasa una swali jipya la kweli, yakishakauka kwa moshi yanaingia kwenye mfuko moja kwa moja au yanapoozwa kwanza, na wa Mufindi kwenye chai na ukungu wao watakuwa na lao. Ukiandika posti hiyo taja ilikotoka, "wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tukuyu alisema…", jina lake usiliweke bila kumuuliza. Watu wakishaona kwamba walichojibu kilirudi kikawa posti, huhitaji tena kuwabembeleza, na swali lako la tatu litajibiwa na watu waliokuwa wanasoma kimya tangu mwaka juzi.

Ukishauliza mara moja ukapata kimya, usibadilishe kila kitu. Angalia kwanza kama kuna aliyefika mwisho: kama posti imefunguliwa na watu wachache, tatizo ni mstari wa kwanza au saa uliyoposti. Kama watu wamesoma, wameshea hata, ila hakuna jibu, hapo ni swali, na mara nyingi ni moja ya mawili, ni zito la kutunga au ni la hatari kusema. Kuna namna rahisi ya kulipima kabla, tena wewe una duka, muulize mteja wa kwanza anayeingia asubuhi, kwa maneno yale yale uliyoyaandika, bila kuongeza maelezo. Akisema "unamaanisha nini?" liandike upya. Akianza kusimulia hata kabla hujamaliza kumhesabia chenji, liposti.

Na sio kila posti imalizie na swali, hiyo ya "kila posti" aliyekwambia kakudanganya. Ukiuliza kila siku watu wanazoea kuliruka, kama wanavyoruka namba ya simu. Mzigo wa mbegu umefika, hilo ni tangazo. Tahadhari kwamba kuna mbegu feki zinazunguka mnadani, hiyo ni tahadhari, ukiweka swali chini yake unaipunguzia uzito, na tena unawakaribisha watu waanze kutaja majina ya wafanyabiashara wenzako pale kwenye peji yako, ugomvi ambao huuhitaji. Msiba wa mteja, pole tu. Posti ya bei imalizie kwa bei, saa za kufungua duka, na hapo sasa ndo uweke ile namba ya simu.